Kapsheni ya kuzindua apu: sema faida moja, kisha onyesha pa kudaunlodi

Mimi huandikia biashara ndogo ndogo za hapa Mombasa posti zao, na vijana wenye apu wakinijia karibu wote kapsheni yao huanza vivi hivi, "Tunayo furaha kubwa kuwatangazia..." Sasa Instagram huonyesha kama herufi 125 tu za mwanzo halafu inakata inaweka more, kwa hivyo mtu anasoma furaha yenu anapita zake, hata hajajua apu ni ya nini.

Chukua wale walionijia na apu ya bei za soko la Kongowea. Walikuwa wameandika bei, kuagiza, tuktuk ya kukuletea mzigo, pointi za zawadi, vyote ndani ya sentensi moja. Nikawauliza, mama mwenye kibanda kule Likoni leo akifungua atapata nini? Wakanyamaza kidogo, kisha mmoja akasema ukweli, bei ya nyanya na vitunguu ndiyo inayowekwa kila asubuhi, hayo mengine bado wanayashughulikia. Basi hiyo ndiyo faida yenyewe, mengine tukayafuta, maana ukiahidi tuktuk na mtu asiione atakupa nyota moja siku ya kwanza na apu mpya haina nyota nyingine za kuifunika hiyo. Tukabaki na hii:

"Jua bei ya nyanya Kongowea leo kabla hujapanda matatu. Ni bure kwenye simu za Android. Linki iko kwenye bayo yetu."

Haifiki herufi 125, yote inaonekana bila kubonyeza kitu. Na kule kutaja Android ni makusudi, la sivyo wenye iPhone watajaza komenti wakiuliza yao iko wapi.

Haya, linki. Kwenye kapsheni ya Instagram linki haibonyezeki, ni maandishi tu, ndio maana tunaiweka kwenye bayo. Facebook na status ya WhatsApp inabonyezeka, huko bandika yenyewe nzima. Msimwambie mtu "tafuta jina letu Play Store", apu changa ikitafutwa kwa jina mara nyingi inajificha chini ya zingine zinazofanana nayo, na mtu atadaunlodi ya wenyewe.

Halafu angalieni ni linki gani mnabandika. Ile ya watu wote huanza hivi:

```
https://play.google.com/store/apps/details?id=
```

kisha inafuata aidii ya apu yenu. Mkiona neno testing au internaltest ndani yake hiyo ni ya majaribio, kwenu itafunguka vizuri kabisa kwa sababu imeili zenu ziko kwenye listi ya wajaribu, lakini mteja ataambiwa apu haipatikani. Kwa hivyo kabla ya kuposti omba simu ya mtu wa nje, hata jirani, ibonyeze hapo mpaka apu iingie na bei ya nyanya itokee.