Swali la mkalimani kwenye mwaliko wa mkutano: uliulizeje, na lini

Mialiko mingi ya mikutano siku hizi huwa na mstari mmoja chini kabisa: "Tafadhali tujulishe kama una mahitaji maalumu." Aliyeuandika anaamini ameshauliza. Kiziwi anayeusoma hajui kama mkalimani wa lugha ya alama ni sehemu ya hayo mahitaji maalumu, au wanaulizia chakula asichokula. Hajui amjulishe nani, kwa njia ipi, wala mwisho ni lini. Wengi hunyamaza, au huja na ndugu wa kuwakalimania, na mwandalizi anaandika kwenye taarifa yake kwamba hakuna aliyeomba kitu.

Dawa yake ni kuuliza huduma, si hali ya mwili. Swali la "una ulemavu gani?" linamlazimisha mtu kueleza habari zake binafsi, na bado jibu halikusaidii kupanga. Chukua watu wawili wanaojiita viziwi. Mmoja amekua na lugha ya alama na anahitaji mkalimani. Mwingine amepoteza usikivu ukubwani, hajui alama hata moja, na kinachomfaa ni maandishi ya papo kwa papo kwenye skrini. Ukimletea wa pili mkalimani umetumia pesa na yeye hajaelewa lolote.

Kwa hiyo andika hivi, au karibu na hivi:

"Ili ushiriki mkutano huu kikamilifu, utahitaji lolote kati ya haya? Mkalimani wa lugha ya alama (taja ni lugha ya alama ipi). Mkalimani wa lugha nyingine (taja lugha). Maandishi ya papo kwa papo. Nyaraka mapema kwa barua pepe, kwa maandishi makubwa au kwa Breili. Njia na choo vinavyofaa kiti cha magurudumu. Kitu kingine (tueleze). Tujibu kabla ya Jumanne tarehe 12. Baada ya hapo bado tuandikie, ila huenda tukashindwa kumpata mkalimani. Anayeshughulikia ni (jina), kwa barua pepe au kwa ujumbe wa simu."

Maneno "taja ni lugha ya alama ipi" yasiachwe. Lugha ya alama si moja dunia nzima; hata ya Marekani na ya Uingereza ni lugha mbili tofauti, ingawa wanaosikia wa nchi hizo wote wanazungumza Kiingereza. Na neno "ujumbe" limewekwa makusudi. Mwaliko unaotoa namba ya kupiga tu umemfungia mlango yule yule uliyekusudia kumwuliza.

Angalia pia swali linakaa wapi. Likiwa ndani ya bango la picha, asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini hatalipata, kwa sababu programu hizo husoma maandishi, na picha isiyo na maelezo kwake ni kimya. Likiwa kwenye fomu ya pembeni, wanaobonyeza kitufe cha kukubali mwaliko kwenye kalenda hawatafika huko kabisa. Liweke kwenye maandishi ya mwaliko wenyewe, juu ya maelekezo ya kufika, na fomu iwe nyongeza.

Tarehe ya mwisho ndiyo waandalizi wengi huibuni. Inatakiwa ihesabiwe kwa kurudi nyuma kutoka siku ya mkutano. Tuseme mkutano ni Alhamisi tarehe 28, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana. Wakalimani ni wachache na hujaa mapema, kwa hiyo jipe wiki mbili na ushei za kuwatafuta. Hapo tarehe ya mwisho ya kujibu inaangukia Jumanne tarehe 12. Waalikwa nao wanahitaji muda wa kusoma na kujibu, basi mwaliko utoke Ijumaa tarehe 1. Na kabla haujatoka, fungu la pesa la huduma hizi liwe limeshatengwa kwenye bajeti. Kuuliza halafu kusema hakuna pesa kunamwumiza mtu kuliko kutoulizwa.

Jibu la kwanza linaingia tarehe 5: "Nitahitaji mkalimani." Usisubiri tarehe 12 ndipo uanze kutafuta. Mjibu siku hiyo hiyo au kesho yake, kwa maswali matatu mafupi. Anatumia lugha ya alama ipi, kama hakuitaja? Yupo mkalimani aliyezoeana naye, au ambaye hamtaki? Atatoa mada, au atasikiliza na kuchangia tu? Swali la tatu lina uzito wake, maana akitoa mada mkalimani ndiye atakayekuwa sauti yake mbele ya watu, na wengi hutaka wakutane kabla ili mkalimani azoee jinsi wanavyotumia alama.

Kwa mkutano huu unaochukua muda wa saa tatu unahitaji wakalimani wawili, si mmoja. Kazi hii ni ya kusikiliza, kuelewa na kutoa kwa wakati mmoja, na akili huchoka kabla ya mikono. Kwa kawaida wawili hao hupokezana kila dakika 20 hivi. Aliye kwenye zamu ya kupumzika hajaenda kunywa chai: anamsikilizia mwenzake jina au tarakimu iliyompita. Ukimweka mmoja peke yake, utayaona matokeo kadiri muda unavyokwenda. Sentensi zinafupishwa, majina na tarakimu vinaachwa, na kiziwi anajibu swali ambalo ukumbi umeshalipita. Watu humdhania kwamba hafuatilii, kumbe anachopokea kimeshapungua.

Alhamisi tarehe 21 thibitisha na wakalimani kwa maandishi: mahali, saa, na watakaa wapi. Ikifika Jumatatu tarehe 25 wawe na ajenda, slaidi, majina ya wasemaji, na vifupisho vyote vikiwa vimefafanuliwa. Hili la vifupisho hupuuzwa sana. Kifupi ambacho ofisi nzima inakijua, mkalimani atakisikia kwa mara ya kwanza siku hiyo, na wakati anakitamka herufi kwa herufi kwa vidole, msemaji ameshafika sentensi ya tatu.

Nafasi ya mkalimani ni karibu na msemaji, ili kiziwi awaone wote wawili pamoja na skrini bila kugeuza shingo. Asisimamishwe mbele ya dirisha, maana mwanga wa nyuma yake unautia giza uso wake na mikono. Taa zikizimwa kwa ajili ya slaidi, ibaki moja inayommulika. Mkutano ukiwa wa mtandaoni, jaribu siku moja kabla kuona kama picha ya mkalimani inabaki kubwa slaidi zinapofunguliwa; mara nyingi husinyaa hadi vidole visionekane.

Itatokea umetafuta na hukupata mkalimani. Mwambie mhusika siku ile ile unapojua, akiwa bado na muda wa kuamua, na umwulize yeye kipi kinamfaa: mkutano usogezwe, mkalimani afanye kazi kwa njia ya video, au maandishi ya papo kwa papo, kama anasoma kwa urahisi lugha ya mkutano. Usimchagulie, na usimpigie simu ndugu yake aje kujaza pengo.