Barua kwa rafiki kuhusu ziara ya shule: mfano wangu wa Bagamoyo

"Wakuu, mdogo wangu yuko kidato cha pili. Kapewa kazi ya kumwandikia rafiki yake barua kuhusu ziara ya shule. Anwani na tarehe anaweza, ila barua yenyewe inatoka kama ripoti, salamu zimepoa na mwisho anakwama. Mwenye uzoefu anisaidie, na kama kuna mfano naomba."

Mkuu, nafundisha Kiswahili sekondari na barua za aina hii nimesahihisha kwa miaka. Ila jambo kubwa ninalolijua kuzihusu nililijua nikiwa mwanafunzi, Dodoma, kidato hichohicho cha mdogo wako. Shule ilitupeleka Bagamoyo, na tuliporudi kila mmoja akaambiwa amwandikie rafiki yake. Barua yangu ilikuwa ya kurasa mbili. Ilirudi na swali moja la wino mwekundu pembeni: "Rafiki huyu ni nani?"

Niliumia sana. Nilipoisoma tena nikaona mwalimu ana haki. Ungefuta jina la juu ukaweka la mtu mwingine yeyote, hakuna neno hata moja ambalo lingehitaji kubadilika. Nilikuwa nimeanza hivi: "Dhumuni la barua hii ni kutaka kukujulisha kuhusu ziara yetu. Tulifika Bagamoyo. Tulipokelewa na mwenyeji wetu. Tulitembelea Kaole. Tuliona magofu. Tulikula chakula. Tulirudi salama."

Kwa hiyo kabla mdogo wako hajashika kalamu, mkalishe umuulize: rafiki unayemwandikia anaitwa nani, anakaa wapi, na nani, mara ya mwisho mliongea nini, na akisikia umekwenda ziara atakuuliza nini kwanza? Majibu hayo ndiyo barua. Wangu nimwite Rehema. Alikuwa amehamia Singida kwa bibi yake, na bibi alikuwa anasumbuliwa na mguu. Sote wawili hatukuwahi kuiona bahari. Aliposikia naenda aliniandikia: "Nionjee maji, uniambie kama yanaishinda chumvi ya Ziwa Singidani." Mwalimu aliniruhusu kuandika upya, na safari hii nilimjibu Rehema.

Kwanza salamu, maana ndiko wengi wanakopoa. Wanafunzi wanadhani maneno ya mazoea kama "natumaini u mzima" ni makosa, au kinyume chake wanadhani yanatosha. Ukweli ni kwamba ni adabu ya lugha yetu na yabaki, lakini baada yake lazima iingie kauli moja ambayo ni ya huyo rafiki peke yake: mguu wa bibi, mtihani aliokuwa anaungoja, mdogo wake aliyezaliwa. Hapo ndipo salamu inapata joto. Angalizo dogo: ni "buheri wa afya", basi. "Buheri wa afya njema" ninaikuta kila muhula, na hilo "njema" halina kazi, kwa sababu kheri imeshatajwa ndani ya "buheri".

Pili ni ziara yenyewe. Kinachoifanya iwe ripoti ni vitu viwili. Kimoja ni kutaja kila kituo. Bagamoyo tuliona mengi: Boma la Wajerumani la mwaka 1897, misheni iliyoanzishwa 1868, mahali ulipofikishwa mwili wa Livingstone Februari 1874 ukibebwa na akina Susi na Chuma. Yote niliyaandika kwenye daftari la historia. Katika barua ya Rehema nilibakisha mambo matatu tu, bahari, Kaole na mbuyu, yale ambayo angeyauliza au yangemshangaza. Ukurasa mmoja na nusu hauwezi kubeba zaidi ya hapo bila kugeuka orodha.

Kingine ni vitenzi. Tazama tena barua yangu ya kwanza: tuli-, tuli-, tuli-. Kila sentensi inaanza upya kama vile haikuwa na jirani. Mtu anayesimulia kwa mdomo hasemi hivyo. Anaanza na -li- mara moja, kisha anafuatisha -ka-: "Tulishuka, tukavua viatu, tukakimbilia majini." Hiyo -ka- ndiyo inayomshika msomaji mkono kutoka tendo moja hadi jingine. Na pale panapokuwa na kitu kilichokuwa kikiendelea, -ki- inaingia: "tukawakuta wavuvi wakitengeneza nyavu." Mwambie mdogo wako asome aya yake kwa sauti, akisikia tuli- zaidi ya mbili zimefuatana, aunganishe.

Hii hapa barua, kama ninavyoikumbuka na kama ninavyowasomea wanafunzi wangu. Anwani ni moja tu, ya mwandishi, juu kulia, na tarehe chini yake. Haina kichwa cha habari.

(Jina la shule),
S.L.P. …,
Dodoma.
(Tarehe)

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi zikufikie huko Singida, nyingi kama mchanga niliorudi nao kwenye viatu. Natumaini u mzima wa afya. Mimi ni buheri wa afya, uchovu wa safari tu ndio haujanitoka. Bibi anaendeleaje na mguu? Barua yako ilisema ameanza kutembea hadi kisimani. Nimefurahi mno, mwambie nampa pole na hongera kwa pamoja.

Nimeonja, Rehema! Swali lako nililibeba moyoni tangu Dodoma. Tuliondoka usiku, tukapita Morogoro na Chalinze, kule Msata tukakata kulia, na saa 5 asubuhi tukafika Bagamoyo. Hata kabla ya kuoneshwa mahali pa kulala, mwalimu akatupeleka ufukweni. Nikavua viatu, nikachota maji kwa kiganja, nikanywa funda moja. Yana chumvi ya kukereketa koo, nikakohoa hadi machozi yakanitoka. Lakini kuhusu Singidani siwezi kuamua peke yangu, kwa sababu ya Singidani sijawahi kuyanywa. Likizo nikija utanipeleka, kisha nitakupa hukumu.

Kitu kimoja hukuniuliza kwa kuwa hata wewe hukukijua. Bahari inaondoka! Tulipofika maji yalikuwa mbali, mashua zimelala ubavu kwenye tope kama ng'ombe waliochoka. Nikadhani zimeharibika. Mvuvi mmoja akaniambia, "Maji yamekupwa, mwanangu, rudi jioni." Saa 11 jioni nikarudi, nikakuta mashua zilezile zinaelea, na pale nilipokuwa nimesimama asubuhi maji yanafika kifuani. Nilitamani uwe karibu nikufinye mkono.

Kesho yake tukaenda Kaole, kusini ya mji kidogo. Kuna magofu ya msikiti ambao mhifadhi alisema ni wa karne ya 13, kuta zake ni matumbawe na chokaa. Ukisogeza uso karibu unaona matundu madogomadogo ya jiwe lililowahi kuwa hai baharini. Pembeni kuna makaburi yenye minara, na kwenye mnara kuna vishimo vya mviringo ambamo zamani vilipachikwa vibakuli vya kauri kutoka China. Nikaingiza kidole kimoja kabla mhifadhi hajanigeukia. Alituambia Kaole ilikuwa bandari, lakini tope na mikoko vikaiziba. Sasa ukisimama pale huoni bahari, unaona mikoko tu.

Na kule misheni kuna mbuyu uliomeza mnyororo. Wanasema mama mmoja Mfaransa alikuwa akimfungia punda wake hapo, mti ukanenepa, mnyororo ukabaki ndani. Kipande kidogo tu kimechungulia nje. Nikakumbuka mbuyu wetu wa kule shule ya msingi na kamba ya bembea tuliyoiacha juu. Unadhani bado ipo?

Nina kombe moja lako, nimelifunga kwenye kitambaa. Nitampa mjomba akija huko mwisho wa mwezi. Liweke sikioni usiku, kukiwa kimya.

Kengele ya kujisomea imelia, acha niishie hapa. Msalimie bibi, msalimie na Juma, mwambie deni lake la kalamu sijalisahau. Niandikie upesi, uniambie mtihani wa hisabati ulikwendaje.

Ni mimi rafikiyo akupendaye,
Asha.

Sasa angalia mwisho ule, mkuu, kwa sababu umesema mdogo wako anakwama hapo. Wengi hufunga kwa "Sina mengi ya kuongeza, asante kwa kunisikiliza," na hiyo ni ya mkutanoni. Mwisho wa barua ya rafiki una kazi tatu ndogo. Unatoa sababu ya kuacha kuandika, nayo iwe ya kweli: kengele, taa inazimwa, mama anaita. Unatuma salamu kwa watu wenye majina, kila mmoja na neno lake. Halafu unaacha kitu kinachohitaji jibu, kama nilivyouliza mtihani na ile bembea. Mkono wa kuaga unakuja baada ya hayo, "rafikiyo", "wako akupendaye", "nduguyo", kisha jina. Sahihi na cheo ni vya barua ya kiofisi, na akiviweka humu ataonekana amechanganya aina mbili za barua.

Jambo moja la mtihani. Mara nyingi swali linampa jina na anwani ya kutumia. Atumie hayohayo, asiweke jina lake halisi hata kama barua inamhusu kweli. Na kama hajawahi kwenda ziara yoyote, achague mahali anapopajua, hata mnada au stesheni ya treni ya karibu na kwao. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika kuhusu darasa lao kupelekwa kuona ghala la mahindi, akaeleza jinsi vumbi lilivyomfanya apige chafya mbele ya mkuu wa ghala, na rafiki aliyemwandikia alikuwa na mafua. Barua ile nimeihifadhi hadi leo.

Akishaandika, weka hapa aya ya salamu na aya ya mwisho tu. Nitazisoma jioni nikitoka kazini.