Nilisahau, mama

*Swali la wiki: Umeahidi kukutana na watu, ukasahau kabisa, wakakungoja mpaka wakaondoka. Utawaombaje radhi, na hali huna sababu yoyote ila kusahau?*

Yalinikuta Jumamosi moja, nimekaa barazani Mjini baada ya sala ya adhuhuri, kikombe cha kahawa mkononi. Saa nne asubuhi nilitakiwa niwe Jambiani kukagua daftari la hesabu la kikundi cha kina mama wa mwani, watu kumi na mmoja. Simu nilikuwa nimeizima sauti. Nilipoitazama, mwenyekiti wao alikuwa amenipigia mara tatu.

Nilianza kuandika ujumbe: "Assalaam alaykum, samahanini, kulitokea dharura." Nikaufuta. Hapa kwetu dharura haipiti bila kuulizwa. Ukisema uliumwa, jioni watu wanakuja kukukagua, na machungwa wamebeba. Ukisema umefiwa, watataka kuja kuhani, na utalazimika kumtafuta maiti. Ukisingizia kwamba simu imeandika 10:00 ukaichanganya na saa kumi ya jioni, basi saa kumi uonekane huko. Na kwenye ile baraza walikuwapo watu wawili wenye jamaa zao Jambiani.

Nikapiga. Ujumbe ungempa yeye kazi ya kutafuta la kunijibu, na mwenye kosa ni mimi. Nikasema: "Shikamoo mama. Nilisahau. Sikuumwa wala sikufiwa, nimekumbuka sasa hivi. Niwie radhi." Nikanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikonishinda, maana ulimi ulishataka kuongeza "lakini wiki hii kazi zilikuwa nyingi". Hilo "lakini" lingemfahamisha kwamba kazi za wengine nilizikumbuka, ila yao.

Akajibu taratibu: "Marahaba mwanangu. Basi tungekwenda pwani."

Sikumwelewa mpaka nilipomuuliza. Siku ile ilikuwa bamvua. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hupwa sana, na upande ule hupwa asubuhi, kwenye saa nne hivi. Ndizo siku chache ambazo mtu anaweza kutembea mpaka kwenye vigingi, akavuna na kufunga mbegu mpya kwenye kamba. Maji mafu yakiingia, bahari haipwi vya kutosha, basi anangoja bamvua jengine. Siku niliichagua mimi kwa kutazama kalenda ya ofisi, nao wakakubali kwa adabu, kwa sababu hesabu zile walizihitaji kuombea mkopo. Kwa hiyo sikuwapotezea saa mbili za kukaa kwenye mkeka. Niliwapotezea asubuhi nzima ya mavuno, na mwani uliokwisha komaa ukiachwa hukatika na kuchukuliwa na mawimbi.

Hapo nikaona kwamba radhi yangu ya mwanzo ilikuwa nusu. Nilikuwa nimetaja kosa langu, hasara yao sikuitaja. Nikairudia mara moja: "Nimewapotezea siku ya bamvua, na siku niliichagua mimi." Sauti yake ikalegea. Sikuirudia tena, kwani mtu akiombwa radhi mara tano huishia kumbembeleza aliyemkosea.

Sikumpa tarehe mpya pia. Nilimwomba achague yeye, akachagua siku ya maji mafu, alasiri. Nilifika nusu saa kabla, nikawaambia wote kumi na mmoja maneno yale yale niliyomwambia mwenyekiti. Radhi aliyonipa yeye ilikuwa yake. Waliokaa wakitazama maji yakipwa na kujaa walikuwa wengine pia. Mmoja alikuwa bado amenuna, na nadhani alikuwa na haki. Pesa sikuwapa, wangeona nimewalipa kibarua cha kuningoja. Ujira wangu wa kazi ile ndio nilioacha kuuchukua, na hilo nilimwambia mwenyekiti peke yake, pembeni.

Yule aliyenuna ndiye aliyeniuliza: "Ulisahau vipi?" Ameuliza, basi nikamjibu. Walinipigia kuikubali siku ile nikiwa ninapanda ngazi na mizigo, nikasema inshallah, sikuandika popote. "Inshallah ya ngazini," akasema, na wenzake wakacheka. Mimi nilicheka kidogo tu.

Kabla sijaondoka tulipatana kwamba siku moja kabla ya kila kikao yeye atanibipu, nami nimpigie hapo hapo nimtajie saa na mahali. Ijumaa iliyopita alinibipu saa kumi na moja alfajiri. Nikampigia, macho bado mazito. "Nilitaka kuona," akasema, akakata.