Ofa ya kukiri kosa: kabla hujasaini, uliza nini bado hakijapimwa

Nimekaa na mahabusu wengi waliopewa nafasi ya kukiri kosa ili wapunguziwe adhabu. Mara nyingi swali lao la kwanza si kuhusu ushahidi. Huuliza, "Nikikubali, natoka lini?" Siwalaumu. Aliyekosa dhamana anajua kwamba akikana, atasubiri kesi miezi kadhaa akiwa ndani, ila akikiri huenda akalala nyumbani usiku huohuo. Katika hesabu hiyo, kama alitenda au hakutenda hakuna uzito wowote.

Makubaliano haya si ulaghai. Kama kweli ulitenda na ushahidi upo, kukiri mapema kunakupunguzia shtaka au kifungo, mashahidi hawasumbuki, na hakimu anabaki na muda wa kusikiliza kesi zenye ubishi wa kweli. Bila utaratibu huu mahakama nyingi zingeelemewa.

Hatari ni pale ofa inapofika kabla ya ushahidi. Yaliyotokea Houston, kaunti ya Harris huko Texas, yanaonyesha jinsi inavyokuwa. Polisi walipima unga waliouona kwa kemikali inayogeuka bluu ikigusa kokeini. Tatizo ni kwamba hugeuka bluu hata kwa vitu vingine halali, zikiwemo baadhi ya dawa za kusafishia nyumba. Washtakiwa walikuwa wakikiri mapema, sampuli zikiwa bado kwenye foleni ya maabara. Maabara ikaendelea kuzipima hata baada ya hukumu, na majibu yakaonyesha kwamba katika kesi nyingi hapakuwa na dawa haramu yoyote. Makumi ya hukumu zilifutwa, lakini wengi wa wahusika walikuwa wameshatumikia vifungo vyao. (Ajabu ni kwamba waliokoa jina lao kwa sababu tu maabara haikutupa sampuli.)

Kwa hiyo muulize wakili wako: ni ushahidi upi bado haujaja, na utakuja lini? Ripoti ya maabara, picha za kamera, rekodi za simu? Kama kesi nzima inategemea kitu hicho, aombe ahirisho fupi, na papo hapo aombe tena dhamana au ipunguzwe. Usiziachanishe hizo mbili, maana ahirisho bila dhamana ndilo linalomrudisha mtu kwenye hesabu ya kutoka leo.

Uliza pia kama hakimu anafungwa na mlichokubaliana. Katika nchi nyingi hafungwi. Upande wa mashtaka hupendekeza adhabu tu, na yeye anaweza kutoa kubwa zaidi.

Kisha jiandae kwa swali ambalo hakimu atakuuliza mbele ya watu: kuna aliyekulazimisha au kukuahidi chochote? Wengi hujibu "hapana" haraka ili yaishe, wakati kuna kitu waliambiwa kwenye korido. Kama kipo, kitaje hapohapo. Jibu hilo linaandikwa kwenye mwenendo wa kesi, na ukija baadaye kuomba kufuta ukiri wako, ndilo la kwanza utakalosomewa.