Unapotuma picha ya sentensi ya Kijerumani, omba maana ya neno kwa neno

Kwenu mnaoanza Kijerumani mkiwa kazini hotelini, Nyali, Bamburi au Shanzu: mna mwalimu wa bure ukutani. Ni yale mabango ya wageni. Lakini ukipiga picha bango ukamtumia anayejua lugha, usiseme "nitafsirie" tu. Utapewa Kiswahili kizuri, na sarufi uliyoitaka itakuwa imefunikwa humo humo.

Dada mmoja wa usafi alinitumia picha ya bango la kando ya bwawa la kuogelea:

```
BITTE BRINGEN SIE DIE HAND-
TÜCHER NACH DEM BADEN
INS ZIMMER ZURÜCK
```

Wenzake walikuwa wamemjibu: "Tafadhali rudisheni taulo chumbani baada ya kuogelea." Ni sahihi kabisa. Yeye akaniuliza, "Mwalimu, sasa *zurück* kule mwisho inafanya nini?" Hilo ndilo swali la mtu anayejifunza.

Kabla ya kuchambua, andika sentensi upya kwa mkono wako. Kistari baada ya HAND kimewekwa kwa sababu mstari umeisha. Neno ni moja, *Handtücher*. Simu ikikusomea maandishi ya picha, angalia nukta mbili za juu ya *ü*, kwa kuwa huweza kudondoka: umoja ni *Handtuch*, na wingi unaonekana kwa hizo nukta pamoja na *-er*. Halafu rudisha herufi ndogo. Kijerumani huanza kila nomino kwa herufi kubwa, na bango la herufi kubwa tupu limekunyang'anya alama hiyo. Limeficha pia tofauti ya *Sie* ya heshima na *sie* ya "wao". Umbo *bringen* halitakusaidia hapo, maana ni lile lile kwa zote mbili. Kinachokuongoza ni *bitte*, na kitenzi kutangulia mbele ya *Sie*: hilo ni ombi kwa mgeni.

Sasa weka maana chini ya kila neno, bila kupanga upya:

```
Bitte      bringen  Sie       die        Handtücher
tafadhali  leta(1)  ninyi.HE  KB.WI.AKU  taulo.WI

nach      dem     Baden     ins              Zimmer  zurück
baada.ya  KB.DAT  kuogelea  ndani.ya+KB.AKU  chumba  nyuma(1)
```

HE ni heshima, iwe kwa mgeni mmoja au wengi. WI ni wingi. KB ni kibainishi, yaani *der, die, das* na jamaa zake. AKU na DAT ni akusativi na dativi, yaani maumbo yanayoonyesha kazi ya nomino katika sentensi: akusativi ni ya mtendwa, na zote mbili hufuata pia viunganishi kama *in* na *nach*. Nukta inaonyesha kwamba neno moja la Kijerumani limebeba mambo kadhaa. Alama ya kujumlisha, kwamba maneno mawili yameungana: *ins* ni *in* na *das*.

Namba (1) ndiyo jibu la dada yule. *Bringen* na *zurück* ni kitenzi kimoja, *zurückbringen*, kurudisha, kilichokatwa vipande viwili. Ukitafuta *bringen* peke yake kwenye kamusi utapata "leta", na *zurück* itakubaki mkononi. Ukiona kineno kama hicho kimening'inia mwisho wa sentensi, kiunganishe na kitenzi kwanza, ndipo ufungue kamusi.

Tazama na *dem Baden*. *Baden* ni kitenzi kilichogeuzwa nomino, kama sisi tunavyosema "kuogelea kunachosha". Nomino za namna hiyo daima ni za *das*, na *nach* inadai dativi, basi *das* imekuwa *dem*. Hiyo unaiona kwa macho. Lakini AKU niliyoiweka chini ya *die* haionekani, kwa kuwa *die* ya wingi haibadiliki kati ya mtenda na mtendwa. Nimeijua kwa sababu taulo ndizo zinazorudishwa. Katika daftari lako, tia alama ya kuuliza mbele ya kila ulichokisia hivi, ili mwalimu ajue pa kuangalia. Wanafunzi wengi huacha hatua hii, na mimi naiona ndiyo yenye faida kubwa.

Kwa hiyo ujumbe wako uwe hivi: picha, sentensi uliyoiandika upya, mstari wa maana ulivyoujaza hata kama una mapengo, kisha ombi: "Nisahihishie neno kwa neno, tafsiri laini iwe chini yake." Anayejua lugha atakujibu upesi kuliko akipokea picha tupu.

Ukisharudishiwa, badilisha kitu kimoja tu katika sentensi. Kiswahili husema "chumbani" ukienda na ukiwa humo. Kijerumani hutenganisha, kwa hiyo jaribu kuandika "acheni taulo chumbani":

```
Lassen Sie die Handtücher im Zimmer.
```

Hapa taulo haziendi popote, ndiyo maana *ins* imekuwa *im*, yaani *in* na *dem*. Andika mstari wa maana chini yake mwenyewe, kisha ulinganishe na ule wa bango.