Wingu limezima, abiria wako Kange: tuwaandikie nini?

Swali: Kaka, habari za kazi. Ninasimamia mfumo wa kukata tiketi za mabasi hapa Tanga, na seva zetu tumekodi kwenye wingu. Juzi wingu lilizima asubuhi, tukaandika kwenye ukurasa wa hali ya mfumo: "Tunapitia changamoto ndogo ya kiufundi. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza. Mafundi wetu wanalishughulikia." Simu ndiyo kwanza zikamiminika. Tulikosea wapi? Tungesema yote, si tungewatia hofu?

Jibu: Njema, ndugu yangu. Mfikirie wakala wenu pale stendi ya Kange. Mbele yake kuna mama ameshalipa kwa simu, ujumbe wa pesa anao, kiti hana. Sentensi zenu tatu hazimsaidii wakala kumjibu. Halafu hilo neno "ndogo": ndogo kwa nani? Na usumbufu "utakaojitokeza" ulikuwa umeshajitokeza, mama yuko dirishani. Mimi ningeandika hivi:

> Saa 4:35 asubuhi. Tunachunguza. Tangu saa 4:20 asubuhi mfumo haukati tiketi mpya, na baadhi ya waliolipa hawajapata kiti. Tatizo liko kwenye seva tunazokodi; bado hatujui litaisha lini. Kama umelipa na hujapata tiketi, usilipe tena, tunza ujumbe wa muamala. Tiketi za mabasi ya leo zinaandikwa kwa mkono katika ofisi yetu ya Kange pekee. Tutaandika tena saa 5:05, hata kama hakuna jipya.

"Usilipe tena" ndiyo sentensi yenye thamani kuliko zote. Mtandao wa simu haukuzima, kwa hiyo pesa inakatwa vizuri tu; taarifa ya malipo ndiyo inayofika kwenu na kukuta mlango umefungwa. Abiria asiyejua hilo atalipa mara ya pili, na jioni utakuwa na marejesho ya kuhangaika nayo. Neno "pekee" nalo lina kazi yake, kwa sababu mawakala wawili wakiandika kwa mkono, kiti kimoja kitauzwa mara mbili.

Hofu unayoiogopa huletwa zaidi na ahadi inayovunjika. Kuna sentensi inayotamanisha sana saa kama hiyo: "Taarifa zenu zote ziko salama." Usiiandike kabla hujakagua. Kama nakala ya hifadhidata yenu huwa nyuma ya ile kuu kwa dakika kadhaa, tiketi za mwisho kabla ya kuzima huenda hazikunakiliwa. Afadhali uweke mpaka: "Tunakagua tiketi zilizokatwa kati ya saa 4:05 na 4:20. Za kabla ya hapo hazijaguswa." Aliyekata jana analala usingizi, na aliyekata saa 4:10 anajua aje na ujumbe wake. Sehemu ya pili ya kauli hiyo nayo uiandike tu kama umeshalinganisha na orodha ya abiria iliyochapishwa asubuhi.

Angalia pia saa. Kumbukumbu za seva kwa kawaida huandikwa kwa UTC, kwa hiyo tukio lenu litaonekana 07:20, simu ya wakala inasema 10:20, na mdomoni kila mtu anasema saa nne na dakika ishirini. Nimewahi kuona fundi akinakili saa ya seva kama ilivyo, wateja wakaamini mfumo ulizima tangu saa moja asubuhi na kampuni ilikuwa inaficha. Andika saa ya Kiswahili, na neno "asubuhi" au "mchana" lisikosekane.

Ukurasa wenyewe usikae kwenye wingu lile lile. Tarehe 28 Februari 2017 hifadhi ya Amazon iitwayo S3 ilianguka huko Virginia, na kwa kuwa ukurasa wao wa hali ya huduma uliitegemea S3 hiyo hiyo, kwa takribani saa mbili walishindwa kubadilisha alama za huduma. Kwa mawakala wenye simu za kitochi, tuma pia ujumbe mfupi wa sentensi mbili: usilipe tena, tiketi Kange.

Seva zikiwaka, usikimbilie "Imetatuliwa". Kaa kwenye "Tunafuatilia" mpaka umelinganisha orodha ya miamala kutoka kampuni ya simu na tiketi zilizotoka, mstari kwa mstari. Ujumbe wa kufunga uwe na hesabu halisi: malipo mangapi yalikwama, mangapi yamepewa viti, na yaliyobaki yanarudishwa lini. Lawama kwa mwenye wingu zimeshatosha kwa ile kauli moja ya "seva tunazokodi". Yule mama pale Kange tiketi aliinunua kwenu.