Grafu iliyotaka kutuingiza kwenye mkopo

Nina zaidi ya miaka mitatu nikitunza hesabu za kikundi cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huku Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Kazi yenyewe si ngumu. Asubuhi watu wanaleta maziwa, yanapimwa, yanaingia kwenye tangi la kupozea la lita 600, gari linakuja kuchukua, mimi nabaki na daftari na kompyuta. Kosa ninalotaka kulisimulia nililifanya mwenyewe, tena nikidhani ninawasaidia watu.

Mwezi Januari mwaka mmoja tulikuwa tunapokea wastani wa lita 400 kwa siku. Januari iliyofuata tukafika 520. Nikafurahi, nikachora grafu ya mstari kwenye simu na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp. Kwa kuwa simu imesimama wima, na grafu nayo niliisimamisha wima: upana kama sentimita 6, urefu kama 10. Mstari ulipanda kama mtu anayekwea mnazi. Kabla ya saa sita mchana tayari kuna waliosema tangi letu ni dogo, tukope tununue la lita 1,000, na mama mmoja ambaye huwa hachangii neno akaandika, "Mwanangu, kumbe tumetajirika na hukutuambia!"

Wiki iliyofuata kulikuwa na mkutano. Nikaweka data zile zile kwenye projekta ya kuazima, ila safari hii grafu ilikuwa imelala, pana, ikijaza ukuta wa ofisi. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akainamia mbele, akatazama, akauliza, "Kijana, mbona maziwa yamekwama?" Nikamwambia ni grafu ile ile ya kwenye simu. Hakuniamini, na sikumlaumu.

Nilirudi nyumbani nikachukua rula. Mhimili wangu wa wima ulianzia lita 300 ukaishia 600, kwa hiyo lita 120 za ongezeko zilikuwa sehemu mbili ya tano za urefu wote. Kwenye simu, sehemu mbili ya tano za sentimita 10 ni sentimita 4. Mstari ulipanda sentimita 4 ndani ya upana wa sentimita 6, na hiyo ni pembe ya nyuzi 34 hivi. Kwenye karatasi niliyoichapa kwa mkutano, grafu ilikuwa na upana wa sentimita 16 na urefu wa 4. Hapo ongezeko lile lile ni sentimita 1.6 tu ndani ya sentimita 16, yaani pembe isiyofika nyuzi 6. Maziwa ni yale yale na mihimili ni ile ile. Kilichobadilika ni umbo la boksi.

Ukitaka kupima yako bila rula, andika hivi kwenye Excel. Nambari ya kwanza ni ongezeko, ya pili ni masafa ya mhimili wa wima kutoka chini hadi juu, kisha urefu wa boksi na upana wake:

```
=DEGREES(ATAN(120/300*10/6))
```

Fomula hii inachukulia kwamba mstari unaanzia ukingo mmoja wa boksi hadi mwingine. Kama kipande unachopima kinachukua nusu tu ya mhimili wa mlalo, upana nao uukate nusu.

Najua kuna atakayesema dawa ni kuanzisha mhimili kwenye sifuri. Nilijaribu. Kuanzia sifuri hadi 600, mstari wa kwenye simu unashuka hadi nyuzi 18, na ule wa karatasi unakuwa chini ya 3. Yote miwili imelala zaidi, lakini tofauti kati yao iko pale pale. Sifuri ina kazi kubwa kwenye grafu za nguzo, maana pale jicho linapima kimo cha nguzo. Kwenye mstari jicho linasoma mwinuko, na mwinuko unatawaliwa na umbo la boksi hata uanzie wapi.

Sisi wa huku tungepaswa kulijua hili kuliko watu wote. Kutoka Moshi mjini hadi kilele cha Kibo, kwa mstari ulionyooka kama wa ndege, ni kilomita 30 hivi, na kimo unachopanda ni karibu mita 5,000. Ukichora kwa kipimo kimoja pande zote, hiyo ni pembe ya nyuzi 9 au 10, mteremko wa kawaida tu. Lakini tazama mchoro wa njia wanaopewa wageni wanaopanda mlima: ni ukuta! Mchoraji amebana upana ili vituo na vimo vyake vionekane kwenye karatasi ndogo. Sidhani kama ni uongo, maana angechora kwa kipimo halisi mgeni asingeona kitu. Ila hakuna anayepaswa kukisia ugumu wa njia kwa kutazama pembe ya mchoro ule.

Sasa, umbo lipi ni sahihi? Nilichojifunza ni kwamba inategemea unataka jicho lilinganishe nini. Mtakwimu wa Marekani, William Cleveland, pamoja na wenzake, walilichambua jambo hili kwenye makala ya mwaka 1988. Hoja yao kwa ufupi: jicho linatofautisha miinuko miwili vizuri zaidi pale vipande vya mstari vinapozunguka nyuzi 45. Vikisimama mno, vyote vinaonekana kuta. Vikilala mno, vyote vinaonekana sakafu. Mfano wao unaojulikana sana ni wa madoa ya jua, yanayoongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka kama 11. Kwenye boksi la kawaida unaona meno ya msumeno tu. Ukilibana boksi likawa pana na fupi, unagundua kwamba mizunguko mingi hupanda haraka na kushuka taratibu.

Niliposoma hilo nilicheka, kwa sababu nilikuwa na msumeno wangu. Nilichukua mapokezi ya maziwa ya wiki 156, miaka mitatu kamili, nikayachora kwenye boksi la mraba la sentimita 10 kwa 10. Miaka miwili ya kwanza hatukusogea sana, kulikuwa na kupanda na kushuka kwa msimu tu. Kwa mfano masika moja maziwa yalitoka lita 340 yakafika 500 ndani ya wiki 6, halafu yakarudi 340 kwa muda wa wiki 18. Yaani kushuka kulichukua muda mara tatu ya kupanda. Je, ungeliona hilo kwenye mraba? Upande wa kupanda ulikuwa na nyuzi 86, wa kushuka nyuzi 78. Nyuzi 8 za tofauti, kwenye meno yaliyobanana. Mimi niliyeandika nambari zile kwa mkono wangu sikuliona.

Kisha nikabadilisha boksi: upana sentimita 16, urefu sentimita 2, utepe mwembamba kama rula. Upande wa kupanda ukawa nyuzi 60, wa kushuka nyuzi 30. Ghafla kila msimu ukawa na sura ya jino la papa, mgongo mrefu upande mmoja. Nikamwonyesha mama yule wa "tumetajirika", akanieleza sababu kabla sijamaliza kuuliza. Mvua ikishika, majani yanaota upesi na ng'ombe wanaitikia. Ikikatika, watu hawaachi ng'ombe wafe njaa, wanawapa migomba, wanapandisha mabua ya mahindi kutoka tambarare, kwa hiyo maziwa yanapungua pole pole.

Utepe ule nilivyoupata ni kwa kujaribu. Chagua kipande kimoja kinachopanda na kimoja kinachoshuka, vile unavyotaka vilinganishwe, vipime kwa fomula ya hapo juu, kisha fupisha au refusha boksi mpaka kimoja kiwe juu kidogo ya nyuzi 45 na kingine chini kidogo. Usihangaike na nukta. Watafiti waliokuja baadaye wameonyesha kwamba 45 si nambari takatifu, na mimi nikiwa kati ya 30 na 60 naendelea na chai yangu.

Lakini utepe una gharama yake. Ukishalijenga boksi kwa ajili ya msimu, mwelekeo wa mwaka hadi mwaka unalala chini kabisa, maana lita 120 ndani ya sentimita 2 za urefu ni milimita 8 tu. Ndiyo maana sasa nachora grafu mbili. Moja ni utepe wa wiki, nyingine ni ya wastani wa mwaka mzima unaosogea, yenye boksi refu kidogo. Kuwalazimisha wote wawili wakae kwenye boksi moja ni kumnyima mmoja.

Kuna mitego miwili ya kompyuta iliyonisumbua. Wa kwanza, ukubwa unaoutaja kwenye Excel ni wa picha nzima, wakati mstari unaishi ndani ya kile kinachoitwa `Plot Area`. Niliwahi kuchapa grafu za vituo viwili zenye ukubwa sawa, moja ikiwa na maelezo ya rangi (`Legend`) upande wa kulia, nyingine haina. Yale maelezo yalikula karibu robo ya upana, mstari ukasimama zaidi, na wafugaji wa kituo kile wakaondoka vichwa juu kwamba wanakua haraka kuliko wenzao. Siku hizi maelezo nayaweka chini, au naandika jina pembeni mwa mstari wenyewe. Na grafu zinazolinganishwa nazipa boksi moja na mihimili ile ile, bila mjadala.

Wa pili ni wa kimyakimya. Faili linajiongeza miezi, picha inabaki na upana ule ule. Grafu ya mwaka mmoja ikigeuka kuwa ya miaka mitatu, kila mwezi unabaki na theluthi ya nafasi yake, na kila mpando unakuwa mkali mara tatu. Atakayelinganisha ripoti ya mwaka juzi na ya leo atadhani maziwa yamechanganyikiwa.

Jambo la mwisho nililolibadilisha ni kuandika kasi kwa maneno juu ya mstari: "lita 10 zaidi kila mwezi, Januari hadi Januari". Pembe inaweza kubadilika mtu akigeuza simu, sentensi ile haibadiliki.

Na tangi? Tuliporudi kwenye mkutano nilibandika utepe ukutani na kuchora mstari mwekundu kwenye lita 600. Mzee yule wa mstari wa mbele akasogea na miwani yake, akafuata meno kwa kidole. Jino la masika ya mwisho lilifika lita 580. Sehemu kubwa ya mwaka mstari ulikuwa mbali chini ya ule mwekundu. Akahesabu wiki ambazo jino lilikaa karibu na juu, akapata tano. "Hizi wiki tano," akasema, "si tumwambie mwenye gari aje mara mbili kwa siku?" Mwenyekiti akampigia palepale, wakaanza kubishana bei ya mafuta.